Simu ya mkopo dhidi ya simu ya taslimu: hesabu yangu ya mwaka mzima, na hasira zangu

Niseme mapema kwamba simu yenyewe sina ugomvi nayo. Picha zinatoka safi, chaji inanifikisha jioni, na viatu vya mtumba ninavyouza vinaonekana vipya kuliko vilivyo. Ninaogombana nao ni walionikopesha, na hasa yule kijana wa kaunta aliyenicheka mbele ya watu. Jina la kampuni nalihifadhi, maana nilivyosikia kwa wenzangu sokoni, utaratibu wao haupishani sana.

Kilichoniudhi ni hiki. Mkopo wenyewe unakwenda kwa siku: unatoa kianzio, unapewa simu, halafu kila siku unatuma rejesho kwa simu. Usipotuma, usiku inajifunga. Ukiiwasha unakuta ukurasa mmoja tu unaokukumbusha deni, na kitufe cha kupiga huduma kwa wateja. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza na nililikubali. Jioni moja wakati wa masika biashara ililala, rejesho likachelewa, simu ikafunga. Asubuhi nikaazima simu ya jirani, nikalipa deni lote, na meseji ya malipo ikarudi hapo hapo. Simu yangu ikabaki imefunga. Saa nne imefunga, saa sita imefunga, na wateja wa oda za jana wananitafuta hawanipati.

Ikabidi nipande daladala mpaka ofisini kwao. Kijana akaangalia kompyuta yake, akasema, "Dada, kwetu umeshafunguliwa. Tatizo ni simu yako haina intaneti." Nikamwambia, kaka yangu, intaneti nimeizima mwenyewe kubana bando, sasa nitaiwashaje wakati kioo chenyewe kimefunga? Ndipo akacheka. Akamgeukia mwenzake akasema, "Hawa wanaobana bando ndio wanatusumbua kila siku." Hawa! Mimi niliyempelekea rejesho miezi yote ile nimekuwa "hawa".

Mwenzake, dada mmoja mtu mzima, ndiye aliyenieleza vizuri. Ile programu ya kufunga huwekwa na duka siku simu inapowashwa mara ya kwanza, inapewa madaraka makubwa kuliko mwenye simu, na imefungamanishwa na namba ya IMEI. Ndiyo maana hata ukiifuta simu yote ianze upya kama ilivyotoka kiwandani, ikishika intaneti tu programu inarudi. Ila amri ya kufungua nayo hupita njia hiyo hiyo ya intaneti. Kama data imezimwa, malipo yako yanafika kwao lakini habari haifiki kwenye simu. Dawa ni kupiga huduma kwa wateja wakupe tarakimu za kuingiza pale pale kwenye ukurasa wa deni. Alinipa, nikaingiza, simu ikafunguka papo hapo. Kumbe kazi ya dakika moja! Kwa nini hayakuandikwa kwenye karatasi niliyosainishwa, sijui, maana nafasi ya kuandika adhabu zote ilipatikana.

Basi nilirudi nyumbani nikiwa nimechemka, nikachukua daftari. Shemeji yangu, fundi umeme, alinunua simu kama hii hii kwa taslimu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ndani ya mwezi ule ule. Alilipa 340,000 kwa hela ya mchezo wao wa kazini, zamu yake ilikuwa imefika. Mimi nilitoa kianzio cha 60,000, halafu 1,500 kila siku kwa mwaka mmoja. Dukani walinitajia hiyo 1,500 tu, na kweli 1,500 haimtishi mtu, ni chapati mbili na chai. Izidishe kwa siku 365 uone: 547,500. Weka na kianzio, simu imenigharimu 607,500.

Hapa tuende taratibu, maana ndipo tunapopigwa. Sikukopeshwa 340,000. Kianzio kilishatoka mfukoni mwangu, kwa hiyo nilichokopeshwa ni 280,000, na nimerudisha 547,500. Yaani kila elfu moja niliyokopa imerudi kwao ikiwa karibu 1,955. Na uzito wake ni zaidi ya hapo, kwa sababu sikukaa na ile 280,000 mwaka mzima. Kila siku nilikuwa naipunguza. Ukipiga hesabu ya deni linaloshuka siku hadi siku, inakuja kama shilingi 4 na kidogo kwa kila elfu iliyobaki, kila siku inayopambazuka, Jumapili na sikukuu humo humo.

Vocha ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu nilidhani hapo mimi na shemeji tuko sawa. Wala! Yeye akipata mshahara ananunua bando la mwezi la 20,000, mwaka mzima 240,000, na linamtosha. Mimi hela yangu ni ya kila siku, na kila siku kitu cha kwanza kinachotoka ni rejesho. Ishirini elfu ya pamoja haikuwahi kukaa mkononi. Kwa hiyo nilinunua la siku, la 1,000, ambalo saa sita za usiku linakufa na mabaki yake. Mwaka mzima ni 365,000. Nimelipa 125,000 zaidi ya mwenzangu kwa intaneti ambayo nahisi ni kidogo kuliko yake. Hiyo haimo kwenye mkataba wa mtu yeyote, lakini mkopo ndio ulioisababisha, na ukiniuliza mimi ni gharama ya simu kama gharama nyingine.

Halafu kioo. Vyote viwili vilipasuka, chake kilidondoka kutoka kwenye ngazi, changu mtoto. Yeye alikwenda kwa fundi wa mtaani, kioo 45,000, na baadaye akabadilisha tundu la chaji kwa 10,000. Mimi mkataba unakataza fundi wa nje kufungua simu mpaka deni liishe, lazima uipeleke kwenye kituo chao. Kule kioo ni 95,000. Wanasema ni kioo halisi, na nitakuwa mkweli, kinaonekana vizuri kuliko cha shemeji, ambacho ukikitazama kwa upande rangi zinapauka na pembeni hakisikii kidole. Ila simu ilikaa kule karibu wiki mbili na rejesho halikusimama hata siku moja. Nalipia simu iliyoko kwao! Nilipouliza nikajibiwa kwamba idara ya matengenezo na idara ya mikopo ni vitu viwili tofauti. Sawa, ila mfuko wangu ni mmoja.

Kwa hiyo mwaka wa shemeji ni 340,000 ya simu, 240,000 ya bando na 55,000 ya mafundi, jumla 635,000. Wangu ni 607,500, na 365,000, na 95,000, jumla 1,067,500. Tofauti ni 432,500, hela ambayo angeweza kununulia simu nyingine kama ile na bando la miezi minne na chenji ikabaki. Niliiandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu, nikampelekea mume wangu, nikasema sikopi tena simu maisha yangu yote.

Mume wangu, mtu mpole anayeniudhi kwa upole wake, akauliza, "Na ile hela ya taslimu ungeitoa wapi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa na 60,000. Kama ningeiweka ile 1,500 kwenye kibubu kila siku, ile 280,000 iliyopungua ingetimia baada ya miezi sita na siku kadhaa, ikiwa kibubu kisingevunjwa njiani, na hapa kwetu kibubu hakijawahi kumaliza miezi mitatu. Miezi hiyo sita ningekuwa nauza viatu kwa kupaza sauti sokoni tu. Kwa simu hii ninaweka picha kwenye status ya WhatsApp asubuhi, na jozi moja ikienda kwa njia hiyo napata faida ya 3,000 au 4,000. Jozi moja kwa siku inalipa rejesho na bando na inabaki ya mboga. Miezi ya kiangazi nilikuwa nauza mbili tatu. Kwa hesabu hiyo mkopo umenilipa, na shemeji, ambaye simu yake ni ya kuangalia mpira, ndiye aliyetumia 635,000 bila kuingiza hata mia.

Lakini masika je? Masika viatu vya wazi havitoki, raba zinaloa hata kabla hazijafika mezani, na status inatazamwa na watu wanaoishia kuandika "bei gani" na kupotea. Rejesho halina masika. Miezi hiyo nilikuwa nalipa 1,500 kutoka kwenye mtaji, ndipo simu ikafunga, ndipo nikachekwa. Kwa hiyo anayetaka kukopa asiulize kama simu itamwingizia hela. Aulize kama itamwingizia zaidi ya rejesho na bando kwenye mwezi wake mbaya kuliko yote. Mwenye mshahara angoje zamu yake ya mchezo, aende Kariakoo, atume IMEI kwenda 15090 ajue kama simu siyo feki, alipe, ajiondokee. Ila akinunua iliyotumika ajue kwamba 15090 haimwambii kama simu ina deni la mtu. Hiyo aione mwenyewe: aifute yote mbele ya muuzaji, aiunganishe na intaneti, aone kama haileti jina la kampuni ya mkopo.

Mimi nimemaliza deni juzi juzi. Niliifuta yangu vivyo hivyo kuhakikisha, na ile programu ikarudi kama kawaida. Nikapiga simu, wakasema inachukua siku chache mfumo kuiachia. Zimepita, nikapiga tena, ikaachia.

Nilikuwa nimewapa nyota moja. Kwa ajili ya yule dada wa tarakimu nikaongeza ya pili, halafu nikakumbuka zile wiki mbili nilizolipia simu iliyokuwa kwao wenyewe, nikaifuta. Mume wangu anasema niwape tatu, kwa sababu bila wao nisingekuwa na cha kuandikia malalamiko haya. Nimempa yeye simu aandike, ameandika mbili. Ziache hivyo hivyo.