Kufua kwa mkono, kwa dobi au kwa mashine: mwaka mzima unalipa ngapi?

Chukua familia ya watu wanne Dar es Salaam, kilo 10 za nguo kwa wiki. Bei hizi ni za mfano. Weka za mtaani kwako.

Dobi akitoza 2,500 kwa kilo, mwaka unakula 1,300,000. Kwangu hiyo ni ya suti na mablanketi tu.

Dada wa kufua akilipwa 10,000 kila wiki, na sabuni 2,000, inafika 624,000. Ukifua mwenyewe unabaki na 104,000 ya sabuni, ila saa nne za Jumamosi zinaenda, na mgongo unazihesabu.

Mashine ya 900,000 ikidumu miaka sita ni 150,000 kwa mwaka. Ongeza sabuni 78,000 na akiba ya fundi 50,000. Umeme ndio watu wanauogopa bure: mizunguko 104 ya maji baridi, uniti 0.3 kila mmoja, haifiki 12,000. Jumla ni kama 290,000. Kinachokula umeme ni kuchemsha maji; ukiweka nyuzi 60, mzunguko mmoja unaweza kufika uniti nzima.

Maji ndiyo yanayoamua. Mashine ya mlango wa mbele hutumia kama lita 50, lakini inataka presha. Tangi likiwa chini, inajaza polepole kisha inasimama na kuonyesha hitilafu. Hapo nunua ya mapipa mawili, unayoweza kuijaza kwa ndoo.