Nembo yenye kisanduku cheupe: ulipie nini, usilipie nini

Umetumiwa nembo kwa WhatsApp, ukaibandika kwenye barua yenye ukanda wa kijani juu, na kisanduku cheupe kikajitokeza kuizunguka. Usiilaumu Word. Faili ulilopewa ni JPEG, na JPEG haina namna ya kuacha sehemu tupu: kila pikseli lazima iwe na rangi, kwa hiyo pasipo na mchoro panajazwa nyeupe. PNG ndiyo inayoweza kubeba pikseli zisizo na kitu. Kubadilisha jina la faili kutoka .jpg kuwa .png hakubadilishi chochote ndani yake. Tena PNG nzuri ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hufika imeshageuzwa JPEG, hivyo mwambie anayetuma aitume kama Document.

Tuchukue nembo moja tuipitishe kwenye kila chaguo. Ni ya chama cha akiba na mikopo: duara la bluu iliyokolea, maandishi meupe ndani ya duara, jua la njano katikati. Faili ni JPEG ya pikseli 600 kwa 600. Inatakiwa kwenye kichwa cha barua, na pia mgongoni mwa fulana za kijani kwa upana wa sm 25.

Kabla hujatoa hela, piga hesabu hii. Uchapaji mzuri unataka pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo pikseli 600 zinatosha inchi 2, yaani sm 5 hivi. Kwa barua hapo umemaliza. Ukiivuta nembo hiyohiyo hadi sm 25 unabaki na pikseli kama 61 kwa inchi, na kingo zitaonekana kama ngazi hata kama kisanduku kimeondolewa na fundi hodari. Maana yake barua na fulana ni manunuzi mawili tofauti, na wengi wanaotupa hela hapa ni wale wanaolipia kukatiwa mandharinyuma kwenye picha ambayo tangu mwanzo ilikuwa ndogo.

Nafasi ya kwanza: faili la asili

Mara nyingi ni bure. Nembo nyingi zilichorwa kwenye Illustrator au CorelDRAW, na faili lake bado liko kwa aliyeichora au kwenye duka lililochapa bango la kwanza. Usiombe "logo safi", maana utaletewa JPEG nyingine. Omba faili la vekta: AI, CDR, EPS, SVG au PDF. Vekta haina pikseli, ina mistari iliyochorwa kwa hesabu, kwa hiyo haina kisanduku cheupe isipokuwa mtu amekichora kwa makusudi, na hukuzwa kadiri upendavyo bila kuharibika.

Ukiletewa PDF, ifungue ukuze hadi asilimia 800 au zaidi. Kingo zikibaki kali, umepata kitu halisi. Zikigeuka vijisanduku, kuna mtu ameitia JPEG ndani ya PDF na amekurudisha ulikoanzia. Aliyeichora akikosekana, tafuta ripoti ya mwaka au fomu ya zamani ya chama iliyo katika PDF. Nembo iliyomo inaweza kuwa vekta, na Inkscape, ambayo ni ya bure, inaweza kuifungua PDF hiyo ukaichomoa.

Nafasi ya pili: kuchorewa upya

Kwa fulana zetu, faili la asili likikosekana, hapa ndipo hela yako iende. Bei hutofautiana mno kati ya mji na mji, basi patana kwa kutaja utakachokabidhiwa: SVG au PDF ya vekta, PNG isiyo na mandharinyuma yenye upana wa pikseli 3000 (sm 25 zinahitaji karibu 2950), na toleo la rangi moja nyeupe kwa vitambaa vyeusi.

Kuna fundi atakayeipitisha JPEG yako kwenye Trace Bitmap ya Inkscape au PowerTRACE ya CorelDRAW, abonyeze mara moja, kisha akutoze bei ya mchoro. Utamjua kwenye herufi. Kuza uangalie "o" na "s": zikiwa na mabonde, au mstari ulionyooka ukionekana unatetemeka, hajachora. Aliyechora kweli ametafuta fonti inayofanana, akaandika maneno upya, na duara lake ni duara kamili.

Nafasi ya tatu: GIMP, kwa mkono wako

Kwa kichwa cha barua naiweka juu ya huduma zote za kulipia. Ni programu ya bure ya kuhariri picha, na kazi yenyewe ni fupi ukijua shida iko wapi. Shida iko mpakani. Kati ya bluu na nyeupe kuna mstari mwembamba wa pikseli zilizochanganyika, bluu iliyopauka. Ukifuta nyeupe tupu, hizo zinabaki, na nembo inavaa pete hafifu inayoonekana mara tu ukiiweka juu ya kijani.

Fungua picha, kisha chagua Layer > Transparency > Add Alpha Channel. Shika Fuzzy Select (herufi U) na ubonyeze nyeupe iliyo nje ya duara. Duara likigusa kingo za picha, pembe nne zitakuwa zimetengana, hivyo shikilia Shift ubonyeze kila moja. JPEG huacha vumbi la rangi karibu na mistari. Uteuzi ukiruka madoa hayo, pandisha Threshold kutoka 15 hadi 30 hivi. Maandishi meupe ya ndani hayaguswi, kwa sababu bluu imeyazingira.

Sasa usibonyeze Delete. Nenda Select > Grow, weka pikseli 2, kisha Colors > Color to Alpha, rangi iwe nyeupe. Amri hii hutoa weupe uliomo ndani ya pikseli za mpakani na kuiacha bluu peke yake, ikififia taratibu. Ukiitumia kwenye picha nzima bila kuteua kwanza, maandishi yatatoweka, na jua la njano, kama njano yake imepauka, litaanza kupitisha kijani. Hifadhi kwa File > Export As, jina liishie .png. Kabla ya hapo weka tabaka la kijani chini ya nembo uangalie: pete ikibaki, rudi nyuma, Grow iwe 3. Ukiridhika, lifiche tabaka la kijani kwanza, la sivyo litahifadhiwa pamoja na nembo.

Njia hii nisingeipeleka kwenye fulana. Pikseli zinazofifia mpakani huwasumbua wachapaji wa DTF, wale wanaochapa kwenye filamu kisha kuibandika kwenye kitambaa kwa joto, kwani wino mweupe unaokaa chini ya rangi unaweza kuchungulia pembeni.

Nafasi ya nne: remove.bg na Canva Pro

Kwa picha ya mtu zinafanya kazi nzuri. Kwa nembo ni bahati nasibu: zinakisia kipi ni kitu na kipi ni mandhari, na maandishi meupe ndani ya duara yanaweza kukatwa pamoja na kisanduku. Kwenye remove.bg unachopewa bure ni picha ndogo, kubwa hulipiwa. Kama tayari unalipia Canva Pro kwa kazi nyingine, ijaribu. Usijiunge kwa ajili ya nembo moja.

Ya mwisho: Set Transparent Color

Iko Word na PowerPoint, Picture Format > Color. Hufuta rangi moja tu uliyoibonyeza, popote ilipo, kwa hiyo maandishi yetu meupe yatageuka kijani na vumbi la JPEG litabaki limetapakaa. Kwa nembo ya rangi moja, isiyo na nyeupe ndani, kwenye slaidi ya projekta, itakuvusha mkutano wa leo.