Uzoefu wangu: GC yenye FID na ECD kwa karafuu

Mie natumia GC moja, mashine inayotenganisha kemikali kwa kuzipitisha na gesi kwenye mrija mrefu mwembamba uitwao kolamu, yenye ditekta mbili hapa Unguja, sampuli zangu nyingi ni karafuu za Pemba na mafuta yake, na kila mgeni wa maabara huniuliza ipi bora, FID au ECD. Jamani hazishindani hizo, kila moja ina kazi yake.

Ukitaka kujua ubora wa mafuta, nenda FID. Inaunguza karibu kila kitu chenye kaboni na haidrojeni kwenye moto wa haidrojeni, na inahimili kingi na kidogo ndani ya sampuli moja, maana eujenoli peke yake kawaida ni robo tatu ya mafuta au zaidi huku karofilini iko kidogo tu. Oveni mie naanza 80°C dakika 1, napanda digrii 5 kwa dakika mpaka 180, afu 20 kwa dakika mpaka 240 nakaa dakika 4, jumla dakika 28. Huo mwendo wa polepole ndo unaotenganisha eujenoli, karofilini na asetati ya eujenoli, zote zinatoka kabla ya 180, baada ya hapo ni kusafisha kolamu tu. Ukiona piki ya eujenoli imekaa kama pezi la papa, inapanda taratibu afu inaanguka ghafla, usiguse oveni, kolamu imezidiwa, zimua sampuli au ongeza spliti, yaani sehemu ya sampuli inayotupwa nje bila kuingia kolamu.

Mabaki ya dawa za wadudu zenye klorini, kama lindeni na DDT, hapo ECD haina mpinzani. Ndani yake mna nikeli-63 inayofanya elektroni zielee kwenye gesi, klorini inazidaka, mkondo unashuka na wewe unaona piki hata kama dawa ni chembe kidogo sana. Lakini inachagua sana, usiyeyushie sampuli kwenye diklorometheni maana nayo ina klorini, tumia hekseni, na karafuu lazima uisafishe kwanza kwa florisili, unga wa kuchujia, mafuta yake yakiingia mengi yanachafua ditekta na baselaini inapanda.

Hapa spliti nafunga, oveni naanza 60°C dakika 1, chini kidogo ya 69 inapochemkia hekseni, ili kiyeyushi kigande mwanzo wa kolamu na dawa zijikusanye pamoja, piki zitoke nyembamba. Afu 25 kwa dakika mpaka 150 kwa vile hapo kati hamna ninachokitafuta, kisha 5 kwa dakika mpaka 280. Ditekta naiweka 300 iwe moto kuliko oveni, kitu kisigande ndani.

Kabla ya sampuli napiga DDT safi peke yake, zikitoka na piki za DDE na DDD basi laina, kile kimrija cha kioo ndani ya injekta, ni chafu, inaivunja DDT kabla haijafika kwenye kolamu, nabadilisha laina ndo naendelea.