Cheti cha kodi kwa ajili ya viza: kodi nimelipa, hesabu ndiyo iliyonitoa jasho

Mie ni fundi cherehani, nna kibanda changu Mwanakwerekwe, na kazi yangu kubwa ni nguo za skuli. Dada yangu yuko Uingereza na mwaka huu kaniita nikamtembelee wiki tatu. Kwa viza ya matembezi ya kule, mtu aliyejiajiri hana barua ya mwajiri wala hati ya mshahara, kwa hiyo nikaambiwa nitafute cheti cha kodi ili nionekane nna kazi ya kunirudisha nyumbani. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa vibanda, maana wenye mishahara wao mambo yao mepesi.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Nilikusanya risiti zangu zote za ushuru wa stempu nikazipeleka ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ile ambayo sisi wakubwa bado tunaiita ZRB. Miaka yote nilidhani nikishalipa pale nimemaliza. Bwana wa kaunta alizitazama, akanirejeshea kwa upole: stempu ni yao, lakini kodi ya mapato ni jambo la Muungano, hiyo iko TRA hata kama biashara iko hapa hapa Unguja. Ukipeleka karatasi ya stempu kwenye viza itaonesha unauza kitu, lakini kuhusu kodi ya kipato chako haisemi neno.

Bahati yangu TIN nilikuwa nayo, na kodi ya makadirio nilikuwa nailipa. Kwa asiyeijua: mfanyabiashara mdogo asiyeweka daftari hukadiriwa mauzo yake ya mwaka, akapewa kiwango. Mimi nimewekwa kwenye kundi la mauzo ya zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11, yaani shilingi 250,000 kwa mwaka, kwa awamu nne za 62,500: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba.

Basi nikenda TRA, nikamueleza binti wa dirishani kwamba nataka cheti cha kulipa kodi na sababu ni viza. Sababu waulizwa, usione tabu kuisema. Akaingiza TIN, akanyamaza, halafu akaigeuza skrini kidogo.

"Ami, Disemba hukulipa."

Nikaapa nimelipa. Kumbe nilitoa namba ya malipo, nikaenda nayo dukani, wateja wa sare za skuli wakanizonga, na pesa ikaishia kwenye kitambaa. Deni 62,500 na riba kidogo juu yake. Cheti hakitoki mtu akiwa na deni, hata dogo kama hilo. Nilitolewa namba mpya ya malipo, nikalipa siku ile ile, na kesho yake malipo yakaonekana.

Hapo nikadhani yamekwisha, binti akaniomba pasi. Akasoma, akasoma tena. Kwenye TIN jina langu ni Sleiman, kama nilivyoandikwa kwenye kitambulisho cha zamani. Kwenye pasi ni Suleiman. Kwetu ni mtu mmoja, hata mama hajui lipi ni lipi, lakini huyo wa viza hanijui wala hamjui mama. Ikabidi niandike barua ya kuomba jina lirekebishwe, na kivuli cha pasi. Hilo lilinila siku tatu. Aliyeniokoa ni yule binti. Mie ningekichukua cheti vile vile na kugundua mambo Dar, na boti nishapanda.

Cheti chenyewe sikukilipia hata shilingi. Ni ukurasa mmoja, na sasa ndiyo nifike kwenye jambo lenyewe: cheti hakisemi unapata kiasi gani. Kinasema tu kwamba mambo yako ya kodi yako sawa. Mimi nilikuwa nakiita "cheti cha kipato" njia nzima, na sicho. Kiasi kinaonekana kwenye karatasi ya makadirio, kwa hiyo nikaomba nipewe na hiyo ichapwe, nikaiweka pamoja na risiti za awamu nne.

Usiku nikakaa nayo mezani na taarifa ya benki ya PBZ ya miezi sita. Jasho likanitoka. Karatasi ya kodi yasema siuzi kupita milioni 11 kwa mwaka mzima. Benki yasema kwa miezi sita peke yake zimeingia milioni 19.2. Anayezisoma zote mbili atasema ama kodi si kweli ama pesa si zangu.

Nikachukua kalamu nikapita mstari kwa mstari. Milioni 6 ni mchezo wetu wa mafundi, watu 12 kwa laki tano tano, zamu yangu iliangukia humo. Milioni 4 aliniletea dada kuezeka nyumba ya mama. Zilizobaki ni milioni 9.2, hizo ndizo za cherehani. Bado ni nyingi kwa nusu mwaka, lakini miezi ile sita imebeba Disemba na Januari, watoto wanaporudi skuli. Miezi sita ya kabla yake niliuza milioni 1.6 tu, nashona mashuka na kupunguza suruali. Jumla ya mwaka ni milioni 10.8, ndani ya makadirio yangu.

Kwa hiyo taarifa ya miezi sita ilikuwa inanisingizia. Nikarudi benki nikachukua ya miezi kumi na miwili, nikaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza ile milioni 6 na ile 4, nikaambatisha orodha ya mchezo iliyotiwa saini na mwenye kutunza, na ujumbe wa dada wa kutuma pesa. Ingekuwa hesabu imevuka milioni 11, ningerudi kwa binti yule kukadiriwa upya kabla ya kugusa fomu ya viza.

Na fomu nayo yataka mapato. Nusura niandike laki tisa kwa mwezi, yaani mauzo kugawa kwa kumi na mbili. Ondoa kitambaa, nyuzi, pango la kibanda na posho ya mwanafunzi wangu, jumla milioni 6.4, inabaki milioni 4.4, ambayo ni kama 367,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo niliyoandika. Ni ndogo, lakini tiketi na malazi ni juu ya dada, na barua yake imesema hivyo.

Kuna kijana mmoja mjini wa kujaza fomu, aliponiona nahangaika alinambia nimpe elfu themanini anitengenezee "karatasi ya TRA yenye kipato kizuri". Uingereza wakikukamata na hati ya uongo wanaweza kukufungia mlango wa viza hata miaka 10. Nikamwambia mie cherehani yangu inanitosha.

Muda: kwa viza ile huwezi kuomba mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari. Mie nilianza kuhangaikia cheti wiki mbili kabla ya miadi ya alama za vidole Dar, na jina na deni vimenila karibu yote. Bahasha niliifunga asubuhi ya boti, gundi bado mbichi.