Kamba ya kuanikia imelegea: ununue kamba gani, na roda gani

Shuka likianza kufagia mchanga, tazama kwanza kilicholegea ni nini. Kamba yangu, hapa Tanga, ina mita 6 kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya bomba. Niliikaza mara tatu kabla sijagundua kuwa mbovu ni roda: tundu la ekseli lilikuwa limelika likawa na umbo la yai, gurudumu linayumba, kamba inachomoka na kukwama ubavuni.

Kwa kamba, ya kwanza kwangu ni poliesta ya kusuka, unene wa milimita 5 au 6. Haivutiki sana, maji hayairefushi, na jua inalivumilia. Ya pili ni waya wa chuma uliovikwa plastiki. Huo hauvutiki kabisa kwa macho, ila plastiki ikipasuka, hewa ya chumvi huingia na kutu inatia doa kwenye kanzu nyeupe. Tena usiupitishe kwenye roda ndogo, maana kupindwa pindwa huzikata nyuzi zake; ufunge ncha zote mbili tu. Nailoni ni ya tatu: ina nguvu, lakini ikiloa hurefuka, kwa hiyo unaikaza kavu asubuhi na saa nne imeshashuka. Ya mwisho ni ile ya plastiki ya bei rahisi. Jua huila, ukiisugua unabaki na unga mkononi.

Muuzaji ataziita zote nailoni. Omba kipande, kikamue hewa ndani ya kikombe cha maji. Kikielea, ni ile ya mwisho. Poliesta na nailoni huzama. Zitenganishe kwa kuvuta mita moja kwa mikono miwili, nailoni ndiyo inayovutika.

Roda nunua yenye mfereji unaoilaza kamba yako vizuri, na pengo kati ya gurudumu na mbavu liwe dogo kuliko unene wa kamba. Gurudumu la plastiki ngumu kwenye ekseli ya chuma kisichoshika kutu linadumu pwani. Lizungushe dukani: likicheza kushoto na kulia likiwa jipya, rudisha.

Kukaza, piga kitanzi kwenye kamba kama nusu mita kabla ya ndoano, pitisha ncha kwenye ndoano, irudishe ndani ya kitanzi, vuta, funga. Rudia baada ya siku mbili, kamba mpya lazima ilegee kidogo.

Ila usitake inyooke kama rula. Blanketi lililoloa la kilo 10 katikati ya mita 6, kamba ikishuka sentimita 30, huvuta kila ncha kwa uzito wa kilo 50 hivi. Ukilazimisha ishuke 10 tu, ni kilo 150, na hapo nguzo ndiyo inayopinda. Siku ya mablanketi mimi nasimamisha mti wenye panda katikati.