Birika la umeme: tazama maji yatapita wapi kabla hujatoa pesa

Bi mkubwa mmoja wa Makorora, hapa Tanga, anayeuza chai na vitumbua alfajiri, aliniletea birika lake kwenye meza yangu ya ufundi. "Mwanangu, limekufa swichi. Kama halitengenezeki, niambie ninunue la aina gani." Lilikuwa birika la chuma la lita 1.7, lenye kidirisha cha plastiki ubavuni cha kuonea maji. Ukibonyeza, taa haiwaki.

Nilitia mita kwenye pini za plagi, birika likiwa juu ya kitako chake na swichi ikiwa imebonyezwa. Mita haikusoma kitu. Nikaliinua birika, nikapima moja kwa moja kwenye tundu lililo chini yake: omu 26 hivi. Birika la wati 2000 kwenye umeme wetu wa volti 230 linatakiwa kusoma hivyo hivyo, na la wati 1500 husoma 35 hivi. Kumbe swichi ilikuwa nzima, thamostati nzima, hita nayo nzima. Ubovu ulikuwa kwenye kitako.

Nilipokifungua, kibati cha waya wa laini, ule unaoleta umeme, kilikuwa cheusi kama mkaa, na pembeni kimeota kutu ya kijani. Kutu ile haiji bila maji. Nikalijaza birika maji baridi mpaka alama ya juu, nikaliweka juu ya gazeti kavu bila umeme. Baada ya nusu saa gazeti lilikuwa na doa upande wa kidirisha. Gundi ya kona ya chini ilikuwa imeachia. Maji yalikuwa yakitiririka kidogo kidogo kila siku hadi kwenye kitako, na hapo kila akiwasha cheche zikipiga, mpaka kibati kikaungua. Yeye aliona swichi, lakini ugonjwa ulianzia dirishani.

Kesi za namna hii nazipata nyingi, ndiyo maana nikienda kununua birika siangalii kwanza wati wala rangi. Naangalia viungo vya maji. Mpangilio wangu uko hivi.

La kwanza ni birika ambalo ndani ni chuma kitupu kisichoshika kutu, kimoja kuanzia mdomo hadi sakafu, bila kidirisha chochote. Chungulia ndani kwa tochi ya simu: usione mpira, skrubu wala mstari wa gundi. Maji hayana pa kupita, kwa hiyo kitako hubaki kikavu. Kasoro yake ni kwamba hujui maji yamefika wapi mpaka ufunue, na kama ni la ukuta mmoja, ubavu unaunguza. Yapo yaliyovishwa plastiki kwa nje, na nyumba yenye watoto ningechukua hilo hata kama bei imepanda kidogo.

La pili ni la plastiki lenye sakafu ya chuma. Hapa kuna kiungo kimoja kikubwa: raba ya silikoni inayozunguka sakafu na kuibana kwenye plastiki. Raba hiyo huishi miaka ikiwa imebanwa sawasawa. Ikianza kuchoka, mara nyingi birika huvuja likiwa la moto na hukauka likipoa, au kinyume chake, kwa sababu chuma na plastiki havitanuki sawa. Kwa hiyo usiridhike na jaribio la maji baridi peke yake.

La tatu ni la kioo. Linapendeza, na chokaa unaiona mapema, jambo ambalo kwa maji ya visima vya pwani si dogo. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa, waulize wanaochimba pale Amboni. Lakini kioo kimegandishwa kwenye sakafu kwa gundi, na likigongwa kwenye sinki mara moja basi.

La mwisho ni la chuma lenye kidirisha kilichobandikwa, kama la bi mkubwa. Ndilo limejaa madukani Ngamiani, linang'aa, na bei yake inavuta. Mimi silinunui.

Birika lolote utakalochagua, usiondoke dukani bila kulijaribu. Wenye maduka wamezoea kuwasha taa tu na kusema "hii hapa inawaka". Mwombe akutilie maji nusu lita, funga kifuniko, weka birika juu ya kitambaa cha karatasi, chemsha. Maji yakishatokota kwa nguvu, swichi ijirudishe yenyewe ndani ya sekunde chache, nusu dakika ikizidi sana. Kinachoizima ni kisahani kidogo cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Mvuke hupita kwenye tundu hadi kukifikia, kinapinda ghafla, kinasukuma swichi. Ndiyo maana kifuniko kikiwa wazi birika halizimi, na wengi wamelirudisha birika zima dukani kwa sababu hiyo. Kama kifuniko kimefungwa na bado linaendelea kutokota, liache hapo hapo. Na fundi asikushawishi kuiunga thamostati moja kwa moja ili "lisisumbue": siku maji yakikauka, hakuna cha kulizuia lisiungue na meza.

Halafu liinue, tazama karatasi. Tone moja au mawili upande wa mpini, baada ya kuchemsha tu, huenda ni mvuke uliogeuka maji na kutoka kwenye tundu lake. Hilo si tatizo. Unyevu unaozunguka ukingo wa sakafu, au ulio chini ya kidirisha, ni mvujo.

Mwisho tikisa birika juu ya kitako. Likicheza kama jino bovu, vibati havishiki sawasawa na vitaungua haraka. Plagi iwe ya pini tatu, na mwenye mita apime kati ya pini ya ethi na chuma cha birika: lazima vishikane. Birika la chuma lenye waya wa pini mbili silitaki nyumbani kwangu hata likitolewa bure.

Kitako cha bi mkubwa ningeweza kukisafisha kikawaka siku hiyo hiyo. Sikufanya, kwa kuwa dirisha lingeendelea kumwaga maji juu yake, na gundi za dukani si za kukaa na maji ya moto yanayonywewa. Alichukua la chuma kitupu, lililovikwa plastiki nyeusi. Nilimwomba mambo mawili. Azime swichi kabla ya kuliinua, maana kuliinua likiwa linawaka ndiko kunakopiga cheche kwenye vibati. Na akiona ukoko mweupe, achanganye siki na maji nusu kwa nusu, apashe moto, aache saa moja, asuuze.

Wiki iliyofuata jirani yake alisikia habari ya siki, akalisafisha birika lake kuukuu la plastiki, likaanza kuvuja siku ile ile. Akaja analalamika kwamba siki imelitoboa. Siki haikutoboa kitu. Raba ilikuwa imekwisha siku nyingi, na ukoko wa chokaa ndio uliokuwa umeziba.