Glaikoli ya chila Mtwara: ununue ya asilimia ngapi?

Mwenye chumba baridi cha samaki au pweza akiulizia glaikoli, kimiminika kinachochanganywa na maji ili yasigande, mara nyingi huambiwa aweke nusu kwa nusu ili alale usingizi. Mchanganyiko huo, ukiwa wa propilini glaikoli, huganda karibu nyuzi 34 chini ya sifuri. Shangani au Mikindani hakuna usiku wa baridi hiyo, hata wa kuikaribia. Huku kwetu kinachoweza kugandisha maji ya mzunguko ni chila yenyewe, mashine inayoyapoza. Kwa hiyo acha kuangalia hali ya hewa. Muulize fundi gesi ya kupozea inachemka kwenye nyuzi ngapi ndani ya evaporeta, sehemu ya chila inayopoza maji. Hiyo ndiyo namba ya kununulia.

Wenye chila za viyoyozi tu, za hoteli au ofisi, zinazotoa maji ya nyuzi 7 na kuyapokea kwenye 12, wasinunue glaikoli kabisa. Waweke maji safi na dawa ya kuzuia kutu, na wahakikishe swichi ya mtiririko na kinga ya kuganda zinafanya kazi. Glaikoli humo ni kulipia umeme wa pampu bure.

Tuchukue mtambo wa kawaida wa samaki: mzigo wa kilowati 60, chila inatoa maji yakiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, yanarudi yakiwa nyuzi 1 chini ya sifuri. Ili ifanye hivyo, gesi huchemka karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na ukuta wa sahani za evaporeta unakaribia ubaridi huo. Mchanganyiko lazima ugande chini zaidi ya hapo. Kwa mtambo huu napanga hivi.

Namba moja: propilini glaikoli ya daraja la chakula, yenye dawa ya kutu, asilimia 30 kwa ujazo. Huganda karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, kwa hiyo una nyuzi tatu za akiba chini ya gesi na nane chini ya maji yanayotoka. Ikivuja kwenye meza ya kusafishia pweza, hujamwekea mtu sumu. Pampu itahitaji kusukuma takriban lita 3.8 kwa sekunde.

Ila usiinunue kabla hujaikagua koili, yaani mabomba ya chumbani yanayopulizwa na feni, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Maji ya nyuzi 7 yakipita kwenye bomba la milimita 15 kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, namba ya Reynolds, kipimo cha jinsi mtiririko unavyovurugika, huzidi 10,000: yanavurugika, na kila tone linagusa ukuta na kuuachia ubaridi wake. Weka asilimia 30 kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, mnato unapanda mara nne hadi sita, na namba ile inashuka hadi karibu 2,000. Chini ya 2,300 hivi mchanganyiko unaanza kwenda kwa matabaka, kama uji mzito unaomiminwa taratibu. Tabaka la ukutani linapata joto, la katikati linapita na ubaridi wake bila kuutoa. Feni zinapuliza, maji ni baridi, na chumba hakishuki.

Dawa yake ni kumtaka muuzaji wa koili akupe hesabu iliyofanywa kwa propilini glaikoli asilimia 30 na joto lako halisi, si kwa maji. Koili nzuri kwa kazi hii ina njia chache zaidi za kugawana mtiririko, ili mwendo ndani ya bomba ufike mita moja na nusu kwa sekunde. Mwendo huo unaongeza upinzani, kwa hiyo pampu ichaguliwe baada ya koili. Proforma isiyotaja aina ya glaikoli, asilimia na nyuzi, irudishe.

Namba mbili: aina hiyohiyo, asilimia 25. Huganda karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa mtambo wetu haifai, kwa sababu akiba imeisha. Lakini kama unapoza maji hadi nyuzi 1 juu ya sifuri na gesi inachemka karibu nyuzi 5 chini, basi hii ndiyo inayopanda juu ya orodha: nyepesi kwa pampu na rahisi kwa koili. Usishuke chini ya 20. Glaikoli kidogo sana huwa chakula cha bakteria, na dawa ya kutu iliyomo inakuwa haba.

Namba tatu: ethilini glaikoli asilimia 30. Kwa pampu na koili ni bora kuliko zote, maana mnato wake kwenye ubaridi huo ni karibu nusu ya propilini. Lakini ni sumu ikinywewa, na mimi siiweki kwenye jengo linalogusa chakula. Kulanti ya gari ni ethilini pia, na nyingi zina silikati zinazoweza kuganda kama jeli kwenye sahani za evaporeta. Isitumike kamwe.

Ya mwisho: propilini asilimia 50. Joto linalobebwa na kila lita limepungua, kwa hiyo kilowati zile 60 sasa zinadai lita 4.2 kwa sekunde. Ongezeko la asilimia 10 la mtiririko peke yake linapandisha nguvu ya pampu kwa theluthi moja, na hapo mnato bado hatujauhesabu. Pampu iliyopo haitazifikisha lita hizo. Utaona tofauti ya geji za kuingia na kutoka pampu imepanda, dalili kwamba mtiririko umeshuka. Kwenye koili namba ya Reynolds iko chini ya 1,000. Umelipa zaidi kupata ubaridi kidogo.

Sasa hesabu ya madumu. Mzunguko wa lita 800 unataka lita 240 za glaikoli. Pipa la mkusanyiko huwa na glaikoli takriban asilimia 95, iliyobaki ni maji na dawa, kwa hiyo nunua lita 253. Mapipa mawili ya lita 200 yanatosha na akiba ya kuongezea, na akiba hiyo ni muhimu: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar hadi Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Soma lebo vizuri, maana pipa lililochanganywa tayari halihitaji maji tena.

Maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima cha pwani. Chumvi hula sahani na shaba. Kloridi isizidi miligramu 25 kwa lita. Tumia maji yaliyotolewa madini.

Ongeza na refraktomita kwenye oda, kifaa cha kupimia asilimia ya glaikoli, yenye skeli ya propilini. Mzunguko uvuje kidogo, mlinzi aongeze maji ya bomba, aongeze tena, na baada ya muda asilimia 30 inakuwa 22. Hapo kiwango cha kuganda kimepanda hadi karibu nyuzi 8 chini ya sifuri, juu kuliko joto la ukuta wa sahani. Barafu inajijenga usiku, presha ya gesi ya kuvuta inashuka, chila inajizima. Asubuhi imeyeyuka na inawaka kama kawaida. Chila inayozima usiku na kupona asubuhi, pima glaikoli kabla hujaongeza gesi, maana sahani ikipasuka mchanganyiko unaingia kwenye kompresa.